Huyo "Yeye" Ni Nani? Tusimlaumu Msikiaji



Katika shule zetu na katika ofisi zetu kuna kanuni moja ambayo watu huipokezana kana kwamba ni amri. Ati, ile "a-" ya mwanzo wa kitendo humrudia mtu aliyetajwa mwisho. Kwa kanuni hiyo mwalimu humsahihisha mtoto, na karani huandika ushahidi. Msikiaji akielewa vingine, huambiwa kwamba hajui Kiswahili. Wengine huenda mbali zaidi: wasema Kiswahili ni lugha pungufu, maana hakimtengi mwanamume na mwanamke, na Kiswahili chetu cha Kalemie ndicho pungufu kuliko vyote.

Nasema wazi: kanuni hiyo si ya kweli. Wasikiaji hawaifuati. Na ikishikwa katika mambo ya haki, yaweza kumwangusha mtu asiye na kosa.

Kwanza tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ndani ya sentensi moja, sheria za lugha ni kali kweli. Nikisema, "Kasongo alimkata kwa kisu," hakuna hata mmoja atakayedhani kwamba Kasongo alijikata mwenyewe. Kwa jambo hilo lugha ina "-ji-", nasi twasema "alijikata". Hapo sheria imeamua, wala msikiaji hana la kufikiri. Lakini ukivuka nukta na kuingia katika sentensi ya pili, sheria hiyo haifiki. Waalimu wetu huona ukali wa sheria ya ndani, wakadhani kwamba nje nako lazima iwepo sheria kama hiyo, nyepesi ya kukariri. Ndipo walipobuni habari ya "jina la karibu".

Haya, tuijaribu. Sikilizeni maneno haya:

"Kasongo alimwomba Mulamba msamaha. Alikuwa amemtukana."

Nani alitukana? Kasongo. Mtoto mdogo atakujibu hivyo. Lakini jina la karibu lilikuwa Mulamba; basi kanuni imeanguka. Pengine mtu atasema, "Vema, tuigeuze: 'a-' humrudia aliyetajwa kwanza, yule mwenye kutenda." Tujaribu tena:

"Kasongo alimsamehe Mulamba. Alikuwa amemtukana."

Sasa aliyetukana ni Mulamba. Angalieni vema: sentensi ya pili haikubadilika hata herufi moja. Majina ni yale yale, na utaratibu wao ni ule ule. Hata hivyo "a-" imehama kutoka kwa Kasongo kwenda kwa Mulamba, na "-m-" nayo imehama kinyume chake. Kilichobadilika ni kitendo kimoja tu katika sentensi ya kwanza. Basi wala ukaribu wa jina wala utangulizi wake haukuamua neno lo lote.

Ni nini basi kilichoamua? Msikiaji aliposikia "alikuwa amemtukana," alijiuliza bila kujua kwamba anajiuliza: habari hii inaungana vipi na ile ya kwanza? Akaona kwamba inaleta sababu. Mtu huomba msamaha kwa kosa lake mwenyewe. Mtu husamehe kosa la mwenzake. Sababu ilipokaa mahali pake, kila mtu naye alikuwa amekwisha kukaa mahali pake. Mtaalamu Mwamerika Jerry Hobbs alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1979: msikiaji hamtafuti kwanza mwenye "yeye" ndipo aunge habari, huunga habari, na katika kuunga huko mwenye "yeye" hujitokeza.

Muungano ukiwa wa namna nyingine, jibu nalo huwa jingine. "Kasongo alimtukana Mulamba. Akampiga kofi." Wengi watasema Mulamba ndiye aliyepiga, kwa kuwa wanasikia matokeo: mtu ametukanwa, amekasirika. Lakini nikisimulia habari za ukorofi wa Kasongo, nikaendelea, "Akampiga kofi, akamvulia kofia, akaitupa mtoni," sasa mwaona Kasongo akiendelea na ukorofi wake, tendo baada ya tendo. Ile "aka-" yaonyesha kwamba tendo lafuata tendo. Haisemi kwamba mtendaji ni yule yule. Msikiaji ndiye anayepima: je, haya ni matokeo, au ni mfululizo wa mambo ya mtu mmoja?

Hapa wapinzani wangu watainuka na kusema, "Ndiyo, lakini Kiswahili safi kina ngeli. Ngeli huondoa mashaka, nanyi watu wa Kalemie mmezitupa." Nakiri kwamba ngeli ni msaada mkubwa. Mtu wa pwani akisema, "Mtumbwi uligonga gogo. Lilikuwa limeoza," twajua mara moja kwamba lililooza ni gogo, na akisema "ulikuwa umeoza," ni mtumbwi. Kwetu mtu husema, "Mutumbwi ilipiga gogo," na vitu vyote viwili huitwa kwa "i-". Je, tunapotea? Akiongeza, "Ilipasuka, maji ikaingia," hakuna atakayedhani kwamba maji yaliingia katika gogo. Habari yenyewe imetosha. Lakini akitaka kusema kilichooza, naye ajua kwamba habari haitoshi, basi husema "ile gogo" au "ile mutumbwi". Hakufundishwa shuleni kufanya hivyo. Anajua penye hatari, naye huweka alama pale tu.

Tena, ngeli haziokoi kila mara. Badala ya gogo tuweke mti: "Mtumbwi uligonga mti. Ulikuwa umeoza." Mtumbwi ni "u-", mti ni "u-". Sasa mtu wa pwani yumo shidani sawasawa na mtu wa Lukuga. Na tukija kwa watu, ngeli hazina msaada kabisa, maana kila mtu mmoja ni "a-", hata wakitajwa wawili au ishirini.

Kifaransa, kinachosifiwa sana ofisini, nacho si kinga. Hutenga "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Lakini katika ugomvi wa wanaume wawili hutatizika kama sisi. Tena kina hatari yake. Mashahidi wetu wasemapo "alikuwa amekunywa," na habari ni ya mume na mke, mwandishi anayeigeuza kwa Kifaransa hana budi kuchagua: mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakikumlazimisha msemaji kuchagua, kwa kuwa mbele ya wasikiaji jambo lilikuwa wazi. Mwandishi akichagua kwa kanuni ya jina la karibu, ameandika shahada ambayo shahidi hakuitoa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Tuseme Kasongo, mwenye mtumbwi, amemwazima Mulamba, naye Mulamba ameuvunja. Shauri limefika mbele ya chefu, na shahidi anaulizwa. "Kasongo alifanya nini?" Ajibu: "Alimwazima Mulamba mtumbwi." "Na Mulamba alikuwa katika hali gani alipoondoka?" Ajibu: "Alikuwa amekunywa." Wote waliohudhuria wameelewa, swali lenyewe limemtaja Mulamba, na jibu humrudia anayeulizwa habari zake. Lakini karani haandiki maswali. Huandika majibu tu, moja baada ya jingine:

"Kasongo alimwazima Mulamba mtumbwi. Alikuwa amekunywa."

Karatasi hii ikisomwa baada ya mwezi mmodi mbele ya watu wengine, watasikia nini? Wataunga, kama wasikiaji wote waungavyo. Watajiuliza, mbona Kasongo alitoa mtumbwi wake? Na jibu litakuwa tayari: alikuwa amekunywa! Mlevi sasa ni Kasongo, na hasara yaonekana kuwa ya uzembe wake. Kila neno lililoandikwa ni neno la shahidi. Hakuna uongo hata mmoja. Na hata hivyo ushahidi umepinduka. Tena msomaji mwingine, mwenye kushika kanuni ya jina la karibu, atasema mlevi ni Mulamba, naye atakuwa amesema kweli kwa bahati tu. Kosa halikuwa katika "a-". Swali lilikuwa ndilo kiungo, nacho kimekatwa.

Dawa ni nini? Wengine husema: rudia jina kila mahali. "Kasongo alimwazima Mulamba mtumbwi. Mulamba alichukua mtumbwi. Mulamba alienda na mtumbwi ziwani. Mulamba alitega wavu." Someni kwa sauti mbele ya watu, mtaona nyuso zao. Msikiaji huanza kushangaa: je, huyu ni Mulamba mwingine? Wataalamu Gordon, Grosz na Gilliom walilipima jambo hili kwa wasomaji wa Kiingereza, wakalitangaza mwaka 1993: pale ambapo "yeye" angetosha, kurudia jina huwachelewesha wasomaji badala ya kuwasaidia. Maana jina likitajwa upya hutangaza kwamba kuna jambo jipya. Nasi tukitangaza upya kila sentensi, hakuna tena anayejua lililo jipya.

Dawa ya kweli ni kuandika kiungo. Karani aandike swali pamoja na jibu; au, akiliacha swali, aweke neno linaloshika kazi yake: "Kasongo alimwazima Mulamba mtumbwi. Huyo Mulamba, alipoondoka, alikuwa amekunywa." Lugha yetu ina viungo tele: kwa kuwa, ndiyo maana, hata hivyo, naye, huku, yule. "Kwa kuwa" huita sababu; "ndiyo maana" huita matokeo; "naye" mara nyingi humgeuza msikiaji amtazame mtu wa pili. Na pale ambapo habari yakubali watu wawili kwa nguvu sawa, kama katika ulevi huu, hapo jina litajwe, mara moja, mahali pake.

Kuna na njia rahisi ya kupima. Kabla ya kutia sahihi, karani amsomee maandiko mtu ambaye hakuwapo barazani, kisha amwulize, "Nani alikuwa amekunywa?" Asimwulize kama ameelewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Akitaja mtu mwingine, asimsahihishe huyo msikiaji. Asahihishe karatasi.