Mwenzako Akitoroka, Deni Hulipwa na Nani?

Ndugu mkulima, katika ofisi yetu swali hili huletwa mara kwa mara, na huyo mwenye kuliuliza kwa kawaida amekwisha kujipa jibu kabla ya kuketi. Husema hivi: "Tulikopa watu wawili. Mwenzangu amekwenda asikojulikana. Mimi nitalipa nusu yangu, na ile nusu nyingine wamtafute mwenyewe." Jibu hilo laonekana la haki, lakini si sheria, na mwenye kulishika aweza kupoteza shamba.

Itazame karatasi mliyotia sahihi. Karibu kila hati ya mkopo wa watu wawili ina maneno ya namna hii: kwamba wakopaji watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maneno hayo "kila mmoja peke yake" ndiyo mzigo wenyewe. Maana yake ni kwamba mkopeshaji hakukopesha nusu mbili. Alikopesha fedha moja, na ana ruhusa ya kumdai yeyote kati yenu fedha yote. Hatalipwa mara mbili, lakini hana lazima ya kumtafuta aliyepotea kabla ya kubisha hodi kwako. Kwake wewe ndiwe unayeonekana, na shamba lako halina miguu.

Mimi sioni kosa la mkopeshaji katika kudai. Kosa lake, anapolifanya, ni kuwapa watu karatasi ya Kiingereza na kuwaonyesha tu mahali pa kutia sahihi, bila kuwasomea maneno hayo kwa lugha wanayoijua. Jambo hilo lachukua dakika tano, nalo lingezuia machozi mengi.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme wakulima wawili wa skimu moja walikopa shilingi 480,000 kununua mashine ya kusaga unga. Pamoja na riba, walitakiwa kulipa shilingi 576,000 kwa miezi 24, yaani shilingi 24,000 kila mwezi. Kwa miezi kumi ya kwanza kila mmoja alitoa shilingi 12,000 kwa mwezi, kwa kuwa mashine ilikuwa bado haijapata wateja. Kisha mmoja akaondoka usiku, simu yake ikazimwa. Deni lililobaki ni shilingi 336,000. Huyu aliyebaki awajibika kwa mkopeshaji kwa shilingi 336,000 zote, wala si 168,000.

Jambo la kwanza afanye nini? Asikae kimya akingoja barua. Mwezi ule ule wa kwanza aende kwa mkopeshaji, aeleze yaliyotokea kwa maandishi, na aombe muda. Mashine sasa yampa shilingi 10,000 kwa mwezi baada ya kulipa mafuta na kijana wa kusaga, na yeye aweza kuongeza shilingi 6,000 kutoka kwenye maziwa yake. Hizo ni 16,000, na kwa kiasi hicho deni litakwisha kwa miezi 21, kabla ya kuhesabu riba ya muda ulioongezwa. Mkopeshaji mwenye akili atapenda kupata 16,000 kila mwezi kuliko kuuza mashine kuukuu mnadani. Lakini tahadhari! Akiletewa karatasi mpya, aisome kama jina la mwenzake limo bado. Ikiwa mkataba wa zamani umefutwa na mpya umeandikwa kwa jina lake peke yake, basi amemfungulia yule mtoro mlango kwa mkopeshaji. Na aombe maandishi yasemayo kwamba ni muda tu umeongezwa, na kwamba wakopaji wote wawili wangali wanadaiwa.

Siku hiyo hiyo apite benki. Ikiwa fedha za biashara zaweza kutolewa kwa sahihi ya mmoja, aizuie ruhusa hiyo. Awaarifu pia wauzaji wa mafuta na vipuri, maana mbia aweza kuifunga biashara kwa deni jipya mbele ya mtu asiyejua kwamba ubia umevunjika. Kisha aripoti kwa chifu na polisi, na aiweke nambari ya ripoti. Ripoti hiyo haipunguzi deni hata senti moja, lakini yaonyesha tarehe aliyotoweka mwenzake.

Je, huyu aliyebaki atamdai mwenzake kiasi gani? Wengi husema: "Nililipa 336,000, nusu ni 168,000." Sivyo. Mashine ni ya wote wawili, na faida yake ni ya wote wawili, hata kama mmoja yuko mbali. Katika miezi 21, mashine ililipa shilingi 210,000 za deni. Kutoka mfukoni mwake mwenyewe alitoa shilingi 126,000 tu. Hizo ndizo za kugawanywa, na nusu yake ni shilingi 63,000. Ndizo atakazomdai mtoro, na mashine yenyewe itabaki kuwa ya wawili mpaka hesabu ya ubia ifungwe. Kama hamkupatana juu ya mshahara, asijiandikie mshahara wa kusimamia mashine halafu akautia katika deni la mwenzake. Jambo hilo ndilo huharibu kesi nzuri.

Kwa sababu hii daftari ni kitu kikubwa kuliko hasira. Liandikwe kila siku: magunia yaliyosagwa, fedha zilizoingia, mafuta, na stakabadhi ya kila malipo ya mkopo. Asiyekuwa na daftari atasimama mbele ya hakimu na maneno matupu. Wala asichelewe mno, kwa maana dai la mkataba lina mwisho wa miaka 6.

Lipo jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu. Katika maskimu yetu watu humwendea mke wa aliyetoroka na kumchukulia ng'ombe. Ikiwa mama huyo hakutia sahihi wala hakuwa mdhamini, deni hilo si lake. Kumchukulia ng'ombe bila amri ya mahakama kwaweza kumfikisha aliyedhulumiwa katika kizimba cha wezi. Na madeni aliyojifanyia mtoro peke yake, kama mbolea ya shamba lake aliyoikopa dukani, hayo si ya ubia. Mwenye duka asikuletee wewe.

Ikiwa hati ya shamba lako ndiyo dhamana, jua kwamba shamba haliuzwi kesho yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopeshaji hutoa kwanza notisi ya kutaka deni lilipwe, yenye muda usiopungua miezi mitatu, na baadaye notisi ya kuuza, isiyopungua siku 40. Nimeona watu wakizitia notisi hizi chini ya godoro bila kuzifungua. Ifungue, uandike tarehe uliyoipokea, na uende nayo kwa mkopeshaji au kwa wakili kabla siku hazijakwisha. Na ikiwa shamba lina nyumba ya ndoa, mke au mume alipaswa kukubali kabla ya kuwekwa dhamana. Kama hakukubali, wakili aambiwe hilo mapema, si asubuhi ya mnada.

Mtoro akionekana tena, msikilize, lakini mbele ya mashahidi, na daftari likiwa mezani. Akilipa zile 63,000, mwandikie stakabadhi. Akitaka kurudi kwenye mashine, hayo ni mapatano mapya, yaandikwe upya.