KAPU LA WOTE, KIPIMO CHA BOSI!

Ndugu msomaji, wewe unayepanda daladala alfajiri kwenda kiwandani, unajua mambo yanavyokwenda mwisho wa mwaka. Mnakusanywa uwanjani, meneja anatangaza kwamba kampuni imepata faida na "familia yote" itapewa bonasi. Makofi yanapigwa. Kesho yake mnaitwa mmoja mmoja kwa mhasibu. Unapewa bahasha, unatia saini, na unaonywa usimwonyeshe mwenzako.

Kwa nini usimwonyeshe? Kama mgawo ni wa haki, siri ya nini?

Sisi tunasema kwamba ukubwa wa kapu si jambo la kwanza la kuuliza. Wakubwa wanapenda tubishane kuhusu kapu, maana wakati tunabishana wao wameshika kipimo. Kapu lile lile, ukilipima kwa kipimo kimoja linakulipia kodi ya chumba ya miezi mingi. Ukilipima kwa kingine, linakununulia shati na kilo mbili za nyama. Usidhani tunatia chumvi. Chukua kalamu tuhesabu pamoja.

Tuchukue mfano wa karakana ndogo ya kutengeneza ndoo za plastiki. Ina watu watano. Meneja mkuu analipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi. Msimamizi analipwa 1,000,000. Fundi mashine anapata 500,000 na mpakiaji 300,000. Hao wote wamefanya kazi siku 300 katika mwaka. Wa tano ni kibarua, analipwa 12,000 kwa siku na amefanya siku 100. Bonasi iliyotengwa ni shilingi 6,000,000.

Kipimo cha kwanza ndicho kinachopendwa na wakubwa: kila mtu apate kwa uwiano wa mshahara wake. Kibarua anaondolewa mlangoni kwa kuwa "si wa kudumu". Mishahara ya mwaka ya wanne waliobaki inafika 57,600,000. Ukiligawa kapu hapo, meneja anaondoka na 3,750,000, msimamizi 1,250,000, fundi 625,000, na mpakiaji 375,000. Kibarua anapata pole.

Umeona mchezo? Zaidi ya nusu ya bonasi ya "familia yote" imelala mfukoni mwa mtu mmoja, na hakuna aliyeiba hata senti. Ni hesabu tu. Aliyekuwa juu kwa mshahara amepandishwa juu tena kwa bonasi. Hesabu ya namna hii haihitaji mwizi, inahitaji bahasha iliyofungwa.

Sasa twende Meksiko. Kule mgawo wa faida si hisani ya bosi. Katiba yao ya mwaka 1917, ibara ya 123, iliwapa wafanyakazi haki ya kugawana faida ya kampuni, na Sheria ya Kazi inaeleza namna ya kugawa. Kapu ni asilimia 10 ya faida inayotozwa kodi. Hapo wamemaliza ubishi wa "faida ipi", kwa kuwa kampuni haiwezi kuwaambia wafanyakazi namba moja na watoza kodi namba nyingine. Kama kampuni imepata hasara hakuna cha kugawa, na hilo linaeleweka.

Kapu hilo linakatwa vipande viwili vilivyo sawa. Nusu ya kwanza hugawiwa kwa siku ulizofanya kazi, bila kujali mshahara. Siku ya fagio ina thamani sawa na siku ya ofisi. Mama aliye kwenye likizo ya uzazi na mtu aliyeumia kazini huhesabiwa kama walikuwa kazini. Nusu ya pili hugawiwa kwa uwiano wa mishahara, ili ujuzi na dhamana navyo vipate chake.

Halafu kuna milango miwili. Wakurugenzi na mameneja wakuu hawaingii kabisa katika mgawo huu. Wasimamizi wanaingia, lakini kama mshahara wao unazidi ule wa mfanyakazi wa chama anayelipwa juu kuliko wenzake, basi unahesabiwa kwa kiwango cha huyo wa chama na kuongezwa asilimia 20 tu. Kibarua naye anaingia, mradi amefanya kazi siku 60 au zaidi katika mwaka.

Turudi kwenye karakana yetu na zile 6,000,000. Nusu ya siku ni 3,000,000. Meneja katoka, kibarua kaingia, siku zote jumla ni 1,000. Kwa hiyo kila siku ina shilingi 3,000. Msimamizi, fundi na mpakiaji wanapata 900,000 kila mmoja, na kibarua 300,000.

Nusu ya mishahara nayo ni 3,000,000. Mshahara wa msimamizi hauhesabiwi 1,000,000 bali 600,000, yaani mshahara wa fundi pamoja na asilimia 20. Kwa mwaka mzima yeye ana 7,200,000, fundi 6,000,000, mpakiaji 3,600,000 na kibarua 1,200,000. Jumla 18,000,000. Kwa hiyo kila shilingi 6 za mshahara zinaleta shilingi 1. Msimamizi anapata 1,200,000, fundi 1,000,000, mpakiaji 600,000, kibarua 200,000.

Unganisha nusu zote mbili. Msimamizi ana 2,100,000, fundi 1,900,000, mpakiaji 1,500,000 na kibarua 500,000. Mpakiaji yule yule, kapu lile lile, amepanda kutoka 375,000 hadi 1,500,000. Mara nne! Kampuni haijatoa hata shilingi moja ya ziada.

Lakini hatutaki kukuuzia Meksiko kama pepo. Mabepari wa kule nao si watoto wadogo. Kwa miaka mingi walitumia ujanja mmoja: kiwanda kinabaki na faida, ila wafanyakazi wanaandikwa chini ya kampuni nyingine ya kukodisha watu. Kampuni hiyo kwenye vitabu haina faida ya maana. Asilimia 10 ya sifuri ni ngapi? Mtu anatengeneza mali ya mamilioni, mwisho wa mwaka anaambiwa mwajiri wake hakupata kitu. Je, ndugu yangu uliyeajiriwa kupitia wakala, hadithi hii haifanani na yako? Unavaa sare ya kampuni kubwa, lakini karatasi ya mshahara ina jina la ofisi ya ghorofani ambayo hujawahi kuona mashine yake.

Mwaka 2021 Meksiko walipiga marufuku ukodishaji wa watu wa namna hiyo. Wenye mali nao wakapata chao: dari. Tangu hapo mgawo wa mtu mmoja hauvuki mishahara yake ya miezi mitatu, au wastani wa mgawo wake wa miaka mitatu iliyopita, kutegemea kipi kina manufaa kwake. Itazame dari hiyo kwenye karakana yetu, tukichukulia kwamba wastani wa nyuma ulikuwa mdogo. Msimamizi haiguswi 2,100,000 yake, maana miezi yake mitatu ni 3,000,000. Fundi anasimama kwenye 1,500,000. Mpakiaji anasimama kwenye 900,000. Dari imewekwa kwa wote, lakini anayegonga kichwa ni mwenye mshahara mdogo! Hata hivyo, 900,000 bado ni zaidi ya mara mbili ya ile 375,000 ya bahasha.

Jambo la Meksiko linalotugusa zaidi ni karatasi ukutani. Kampuni ikishawasilisha hesabu za kodi, ambazo mwisho wake ni tarehe 31 Machi, ina siku 10 kuwapa wafanyakazi nakala. Kamati yenye idadi sawa ya wafanyakazi na wawakilishi wa mwajiri inakaa, inapiga hesabu ya kila mtu, na orodha inabandikwa mahali pa wazi kazini. Ukiona siku zako zimepunguzwa, una siku 15 za kulalamika. Malipo yanatoka ndani ya siku 60 baada ya mwisho wa hesabu za kodi, yaani kufikia tarehe 30 Mei. Hakuna kunong'ona kwenye mlango wa mhasibu.

Na hapa kwetu Tanzania? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kugawa faida. Hivyo usiende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai bonasi isiyoandikwa popote, utarudi mikono mitupu. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya malipo yako na namna yanavyokokotolewa. Na chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi mahali pa kazi kina haki ya kukaa mezani na mwajiri, na kudai taarifa zinazohusika na majadiliano. Hapo ndipo pa kushika. Bonasi ikiingizwa kwenye mkataba wa hali bora, inakuwa deni. Ikibaki kwenye hotuba ya meneja, ni upepo.

Basi kiongozi wa tawi lako akienda kwenye majadiliano, asirudi na neno "bonasi" peke yake. Aulize faida inayopimwa ni ipi, ile ya kwenye hesabu za kodi au ya kwenye hotuba. Aulize nani wamo na nani hawamo, hasa vibarua, watu wa wakala, na wakubwa wenyewe. Aulize kipimo ni siku, mshahara, au alama za msimamizi. Wakisema alama, adai fomu ya alama ionekane mwanzoni mwa mwaka, kila mtu aone alama zake na atie saini. Alama zinazotolewa Desemba gizani huwa zinapima nani anamchekea bosi. Mwisho adai orodha ibandikwe.

Kwa Serikali nasi tuna neno. Hatuombi katiba ya Meksiko ije kwa meli. Tunataka kifungu kimoja katika sheria ya ajira: mwajiri yeyote anayetangaza bonasi ya wafanyakazi aweke wazi jumla ya kapu, orodha ya waliomo na kanuni ya mgawo, kabla ya kulipa. Hilo haliongezi gharama kwa mwekezaji. Linahitaji karatasi moja na pini nne. Atakayepinga, mwananchi, muulize anaficha nini.