Sambaza kwa wote

Juma lililopita tuliandika juu ya wale wanaochelewesha likilimba, na wamoja wenu wakatuambia kwamba kalamu yetu ilikuwa na hasira. Basi leo tucheke kidogo. Likilimba iko ndani ya kisa hiki pia, lakini kwa pembeni tu.

Ilikuwa Bukavu, katika restora moja ndogo karibu na ziwa, zamani kidogo, wakati watalii walipokuwa wanapita mjini mbele ya kupanda Kahuzi-Biega kuangalia gorila. Tulikuwa bamama tisa, wengi wetu walimu, tumekuja kukabidhi likilimba ya mwezi. Kwenye meza za pembeni kulikuwa motari wanne, mzee mmoja na gazeti lake, na kijana mmoja na mchumba wake ambao hawakuwa wanaona mtu mwingine hapa duniani. Sote tulikuwa na chupa za soda tu. Saa ya chakula ilikuwa imekwisha pita.

Ndipo akaingia muzungu. Mtu wa Ujerumani, mrefu, uso mwekundu kwa jua, na mgongoni mfuko mkubwa kama gunia la makala. Akatusalimia kwa Kiswahili: “Hamjambo nyote? Habari za mchana?” Tukapiga makofi. Alikuwa amejifunza Tanzania, miaka miwili, tena alijifunza vizuri. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kitabu, kile tunachoandika ubaoni halafu tunakisahau tukitoka darasani.

Kijana wa kuhudumu alikuwa mpya, hajamaliza mwezi wa pili. Kusikia Kiswahili kile, akaona haya kusema cha kwetu. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akakaribia. Muzungu akaomba sahani ya viazi vya kukaanga na chai. Mpaka hapo, hakuna shida.

Lakini patroni wake, mama mmoja mkali wa hesabu, alikuwa amemfundisha kwamba mgeni asiachwe na viazi vikavu. Aulizwe kama anataka na samaki. Na siku ile sambaza zilikuwa nyingi. Ninyi wa kando ya ziwa munajua: wavuvi wanatoka usiku na mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, wanawasha taa, na sambaza wanafuata mwangaza. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu na wavu unarudi mwepesi. Juma lile mwezi ulikuwa haupo, na beseni ya jikoni ilikuwa imejaa.

Kwa kawaida yule kijana angeuliza, “Papa, tukuletee na sambaza? Sahani kubwa ao ndogo?” Kisha angeandika. Lakini alitaka kusema vizuri kuliko kawaida. Kwake, sahani kubwa ni ile ya watu wote wa meza, na sahani ndogo ni ya mtu mmoja. Basi akasimama wima na kuuliza:

“Papa, sambaza kwa wote, ao kwa mmoja?”

Hapa tusimame kidogo, kwa ajili ya wasomaji wetu wa mbali na ziwa. Kwetu Kivu, sambaza ni samaki, yule mdogo wa rangi ya feza, urefu wa kidole, jamaa ya ndakala. Hata hapa ni mgeni: alitolewa Tanganyika, akatiwa Kivu mwisho wa miaka ya 1950, na leo hakuna soko la Bukavu lisilokuwa naye. Lakini huko muzungu alikojifunza, sambaza si samaki hata kidogo. Ni kitenzi. Kusambaza ni kugawa, kueneza, kupeleka huku na huku. Yeye alisikia kijana anamuuliza: viazi vyako, nivigawe kwa watu wote, ao nivilete kwako peke yako?

Tuliona anafikiri. Akatutazama sisi tisa na soda zetu, akawatazama motari, akamtazama mzee. Tanzania walikuwa wamemfundisha kwamba mtu hali peke yake mbele ya watu bila kuwakaribisha. Uso wake ukafurahi. Akasema kwa sauti kubwa:

“Sambaza kwa wote!”

Kijana hakuamini. “Wote hawa?”

“Wote! Ni furaha yangu.”

Na kama mambo yangeishia hapo, hasara ingekuwa ndogo. Lakini kijana alikuwa amepata nguvu, na sambaza bila majani hazikamiliki. Akauliza: “Na sombe?”

Sombe, kwetu, ni majani ya muhogo. Lakini muzungu alijua kusomba, kubeba mizigo safari kwa safari. Akaona kijana amenyosha mkono karibu na ule mfuko wake kama gunia, akaelewa kwamba anaulizwa kama mtu aje ausombe mpaka ndani.

“Asombe tu,” akajibu. “Lakini polepole, ni nzito.”

Kijana akageukia mlango wa jiko na kupiga kelele kwa furaha: “Sambaza kwa watu wote! Na sombe! Nzito!”

Hapa lazima tukiri kosa letu. Sisi walimu, watu wa sarufi, tulisikia. Mmoja wetu alikwisha kuinua kidole kama mtoto wa darasa la pili. Mwenzake akamshusha mkono chini ya meza, akanong’ona, “Acha kwanza. Tuone.” Tulikuwa hatujala tangu asubui. Hatuandiki zaidi juu ya jambo hilo.

Jikoni kukawa vita. Mpishi alikuwa na sufuria moja tu ya kukaangia, na sambaza haitaki kujazwa. Ukiweka nyingi mara moja mafuta yanapoa, samaki wanalegea na kushikana kama bugali. Alikaanga makundi manne. Kila kundi alilitia chumvi na ndimu, akangojea mafuta yatoe mlio, akawatoa wakiwa wakavu mpaka kichwa, juu sambaza huliwa nzima. Sombe ilikuwa imepikwa tangu asubui, kwa bahati, maana majani ya muhogo si kitu cha kuharakisha. Yanataka kutwangwa na kuchemka muda mrefu, la sivyo yanaumiza mtu. Mpishi aliipunguza maji juu ya moto, sababu mgeni ameomba nzito.

Kisha sahani zikaanza kutoka. Tisa kwetu. Nne kwa motari. Moja kwa mzee, akakunja gazeti. Mbili kwa wale wachumba, na kwa mara ya kwanza wakaona kwamba kuna watu wengine. Jumla kumi na sita. Kila mmoja aligeukia muzungu na kusema, “Aksanti sana papa, Mungu akubariki.” Yeye akaweka mkono kifuani, akajibu kila mtu. Lakini tuliona macho yake yanahesabu. Alikuwa ameomba sahani moja ya viazi, na mbele yake samaki walikuwa wanapita kama maandamano.

Mwisho kijana akamletea yeye viazi vyake, vyote, havikuguswa, na chai.

Muzungu akavitazama. Akasema taratibu, “Lakini ndugu yangu, hivi mbona hukuvisambaza?”

“Sambaza zimekwisha, papa. Wamekula wote.”

“Na mfuko wangu? Nani anasomba?”

“Sombe pia imekwisha.”

Mzee wa gazeti alicheka mpaka akakohoa. Sisi tulijaribu kujizuia, na tulishindwa vibaya.

Kicheko kilikatika patroni alipotokea na karatasi. Sahani ya sambaza franka 5 000, sombe 2 000. Mara kumi na sita, franka 112 000, mbali na viazi na chai. Muzungu akasema kwa heshima kwamba hakuomba samaki. Patroni akamgeukia kijana, wala hakupaza sauti: “Basi ni wewe. Nitakata kwenye mshahara.” Kijana alikuwa analipwa franka 150 000 kwa mwezi. Akafungua kile kifungo cha shati, kana kwamba kinamnyonga.

Hapo tukasimama, na mdomo bado una mafuta. Tukageuza karatasi ya hesabu, tukaandika nyuma yake kama ubaoni: upande mmoja sambaza ya kitabu, upande wa pili tukachora sambaza ya ziwa, na mkia wake. Chini, kusomba na sombe. Muzungu alisoma mara mbili. Kisha akaweka kichwa juu ya meza na mabega yakatetemeka, tukafikiri analia. Alikuwa anacheka.

Kulipa ndiyo ilikuwa kazi. Mama mmoja wetu alisema kwamba chakula ulichopewa hakidaiwi, tena muzungu alitamka mwenyewe “furaha yangu”. Mwingine akajibu kwamba yule kijana ni mtoto wa mtu. Wote tukatazama mkoba wa likilimba, na yule aliyeushika akaufunga zaidi kwapani: zamu ya siku ile ilikuwa ya mama aliyengojea karo ya watoto watatu. Mkoba haukufunguliwa. Kila mmoja akatoa 7 000 zake mwenyewe, kwa uso wa kukunjamana, na ikawa 63 000. Muzungu akalipa saba zilizobaki, 49 000, akisema kwamba kukaribisha watu saba bado ni heshima. Motari wakampa mikono kwa haraka sana. Mmoja alikuwa amekwisha washa pikipiki.

Mwezi uliofuata tulirudi mahali pale. Kijana alikuwa bado kazini. Akatukaribisha, akachukua kalamu, akatuuliza kama tunataka samaki wadogo wa Kivu wa kukaanga, sahani kubwa ao ndogo.

“Unamaanisha sambaza?” tukamuuliza.

Akatazama kwanza mlango wa jiko.

“Bamama,” akasema kwa sauti ya chini, “jina hilo mimi silitaji tena humu ndani.”

Yule mama wa mkoba akamuuliza na majani ya muhogo je.

“Yapo. Lakini muniambie mbele: ni nani analipa?”