Uvira: asilimia 95 ya malipo haisemi yote

Ajenti wa mikopo anapopeleka ripoti ya mwezi, swali la kwanza la mkubwa wake huwa moja: watu wamelipa kiasi gani? Akijibu asilimia 95, anapongezwa. Lakini jibu hilo linaweza kuficha familia nyingi zilizokwama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ajenti ana wateja 240 katika makundi 12 ya mshikamano, ambamo kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake. Deni lote lililo mikononi mwa wateja ni dola 36,000. Mwezi huu kila mtu alipaswa kulipa dola 25, jumla 6,000. Zimeingia 5,700, na hiyo ndiyo asilimia 95.

Sasa afungue daftari. Kati ya pesa hizo, dola 900 ni za wafanyabiashara waliolipa mapema ili wapate mkopo mkubwa zaidi. Malipo ya mwezi wenyewe ni 4,800 tu. Watu 48 hawakulipa kitu. Hao ni wauza ndagala waliokimbia kutoka uwanda wa Ruzizi. Walikopa juzi tu, na kila mmoja bado anadaiwa dola 200. Wakipitisha siku 30 bila kulipa, deni lililo hatarini si zile 25 walizokosa kila mmoja, bali deni lao lote: dola 9,600, zaidi ya robo ya pesa zote zilizokopeshwa.

Hapo mshikamano hausaidii. Mmoja akiugua, wenzake wanaweza kumlipia. Lakini wote wakiuza bidhaa moja na wote wakiwa wamepoteza nyumba, nani atamlipia nani? Anayebanwa hukopa kwingine ili afunge deni hili. Ripoti inapendeza, nyumbani chakula kinapungua.

Kuna pia jambo la mwezi wa angani. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana samaki hawaivutiwi taa, wavuvi hupumzika. Tarehe ya malipo ikiangukia siku hizo, muuzaji anaonekana mdaiwa sugu, kumbe ziwa tu halijatoa kitu.

Kwa hiyo mashirika ya mikopo ya hapa yanapaswa kuandika tarakimu tatu, si moja: malipo ya mwezi bila yale ya mapema, deni lote la waliochelewa zaidi ya siku 30, na mikopo iliyopangiwa tarehe mpya. Hii ya tatu iandikwe peke yake, maana deni lililosogezwa mbele bado ni deni. Na kundi la wahami lipewe tarehe mpya mapema, hadharani, kabla wanachama hawajaanza kufichana sokoni. Ajenti asinyimwe marupurupu yake kwa kusema ukweli huo.