Kugawana kazi ya viatu: mshonaji akichelewa, wote husubiri

Katika karakana ndogo, fundi mmoja hukata ngozi, hushona na kubandika soli. Kiwanda kikubwa, kama cha Karanga kule Moshi, hugawa hatua hizo.

Tuchukue mfano: kukata dakika 10, kushona 20, soli 10. Mafundi watatu, kila mmoja akitengeneza kiatu kizima, hupata jozi 3 kwa dakika 40. Wakigawana hatua hupata 2 tu, maana wote humsubiri mshonaji. Dalili yake ni ngozi kurundikana mbele ya cherehani. Akiongezwa mshonaji wa pili, hutoka jozi 4, na mikono ikizoea, zaidi.

Lakini aliyezoea kukata tu, akiachishwa kazi, hawezi kufungua karakana yake.