Tone la Glakoma Halirukwi Siku
Mzee mwenye glakoma, yaani presha ya macho, aghalabu huruka siku za dawa kwa kuwa jicho halimuumi. Kumbe siku hizo presha hupanda na kuharibu kimya kimya mshipa wa fahamu wa jicho. Uoni wa pembeni hutangulia kupotea, na uliopotea haurudi.

Tone moja latosha. Akishalitia, afumbe jicho na kubonyeza taratibu pembe ya ndani, karibu na pua, kwa dakika 2. Akihisi ladha chungu kooni, ajue dawa imeteremka kupitia njia ya machozi. Mwenye dawa mbili angoje dakika 5, ya pili isije ikaiosha ya kwanza.