Ulilipia tangazo, hukulipia sauti yake

Wauzaji wenzangu, leo naongelea kosa nililolifanya mwenyewe, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu.

Nauza madera na mitandio. Mwaka jana nilimlipa dada mmoja wa mtaani kwetu elfu ishirini anisomee tangazo la madera. Ana sauti tulivu, wateja wakaipenda. Mzigo mpya ulipoingia nikaona kumlipa tena ni hasara. Nikachukua ile klipu ya sekunde arobaini, nikaiweka kwenye programu ya akili mnemba, ikanitolea sauti yake ileile. Ikawa mimi naandika maneno, "yeye" anasoma. Usiku mmoja nikatoa matangazo sita ya mitandio, na sikumwambia.

Wiki ya pili akanipigia. Hakugomba, aliniuliza tu: "Kaka, hivi mimi nilisoma lini tangazo la mitandio?" Kumbe alishachukua kazi kwa muuzaji mwingine, na walikubaliana kwamba kwa miezi mitatu asitangaze mitandio ya mtu mwingine. Bosi wake aliposikia tangazo langu akajua amezungukwa. Kazi ikaishia hapo. Atajiteteaje wakati sauti inayosikika ni yake?

Utetezi wangu ulikuwa ule wa wengi: "Si nilishamlipa? Klipu ni yangu." Hapo ndipo tunapokosea. Nilichonunua ni usomaji mmoja wa maneno fulani kwa kazi fulani. Sikununua uwezo wa kumsemesha chochote nitakacho, siku yoyote.

Hata makampuni makubwa yameshaingia kwenye shimo hili. Bev Standing ni msomaji wa matangazo kutoka Kanada. Alirekodi sauti yake akijua ni ya kazi ya tafsiri. Baadaye akaisikia TikTok, ni ile sauti ya kike iliyokuwa inasoma maandishi kwenye video za watu, na mengine yalikuwa matusi. Mwaka 2021 akaishtaki TikTok Marekani. Sauti ikabadilishwa, na mwaka huohuo wakamalizana nje ya hukumu. Angalia vizuri: kurekodi alikubali, na kazi ya kwanza aliikubali. Ugomvi ulikuwa juu ya kazi ya pili, ambayo hakuna aliyemuuliza.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa ya mtu inakusanywa kwa lengo lililotajwa, na haigeuziwi matumizi mengine kiholela. Sauti inayomtambulisha mtu kwangu ni taarifa yake kama ilivyo picha yake. Halafu ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kujifanya mtu mwingine kupitia kompyuta. Kwa hiyo wewe unayechukua sauti ya msanii maarufu "asifie" sabuni yako, usiseme ni utani. Mteja ametoa hela akiamini msanii kaisifia kweli.

Kuna anayesema mitaji yetu ni midogo, tuachwe tupumue. Nakuelewa. Ila yule dada mtaji wake ni koo lake, na mimi niliuchukua bure.

Sisemi tuache kutumia hizi programu. Nasema tukubaliane kwanza, tena kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp alioujibu mwenyewe. Mimi sasa naandika hivi: "Naomba kunakili sauti yako kwa akili mnemba. Itasoma matangazo ya madera na mitandio ya duka langu tu, Instagram na WhatsApp, kwa miezi mitatu. Kila andiko utaliona kabla halijatoka. Haitasoma mikopo, dawa wala siasa. Simpi mtu mwingine. Muda ukiisha au ukibadili mawazo, naifuta." Malipo yanakuwa makubwa kuliko ya tangazo moja, maana anakupa matangazo mengi. Na chini ya video naandika kwamba sauti imetengenezwa kwa akili mnemba.

Hiyo sehemu ya kufuta usiipuuze. Kufuta video kwenye ukurasa hakutoshi. Ingia kwenye programu uifute sauti yenyewe, maana ikibaki humo, atakayeshika simu yako au nywila yako anaweza kumsemesha yule dada hata "nitumie hela kwa namba hii". Ndugu zake watatuma.

Mimi nilifuta yote, nikampigia yule bosi nikakiri, nikamlipa dada kwa yale matangazo sita. Kazi haikurudi. Sasa hivi ananisomea mwenyewe, kwa bei yake.